Filta ya Chumbani kwa Baba

Kwa karibu miaka miwili mama yangu alinikataza kugusa AC iliyoko chumbani kwake, na mimi ni fundi AC. Watu wakisikia hivyo wanacheka. Wananiambia mganga hajigangi, nami nacheka nao, kwa sababu ukianza kumweleza mtu ukweli wa jambo kama hilo hutamaliza leo.

Sababu aliyonipa mama ilikuwa harufu. Kila alipowasha kile chombo mchana, pumzi ya kwanza iliyotoka ilinuka unyevu, ikanuka nguo zilizokunjwa kabla ya kukauka, na kwa mbali, kama una pua ya mtu aliyekulia Namtumbo, ilinuka tumbaku ya moshi. Mama alisema hiyo ni harufu ya baba. Alisema nikiiosha nitakuwa nimemfukuza. Nimefungua AC nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu, lakini ile sikuifungua.

Ubaya ni kwamba nilimwamini. Mimi pia nilikuwa namsikia baba mle ndani, na nilikuwa na sababu yangu ambayo mama, kwa nilivyodhani, hakuijua.

Kwanza nieleze AC ilifikaje huko. Kufunga AC nyumbani Songea ni jambo la kuchekwa. Mwezi wa sita na wa saba, wingu linaposhuka Matogoro na kukaa juu ya paa siku tatu, sisi tunatafuta mkaa na masweta. Lakini baba alikuwa na kifua kibovu. Miaka yake yote alilima mahindi na tumbaku, na tumbaku yetu ni ile inayokaushwa kwa moshi: unaning'iniza majani ndani ya bani, lile banda la kukaushia, unawasha magogo chini yake, unaingia na kutoka humo humo kuangalia moto. Alivuta moshi huo tangu akiwa kijana. Alipochoka nikamleta mjini, Mjimwema, kwenye nyumba yangu ndogo ya uani, yeye na mama. Ikifika mwezi wa kumi, watu wanachoma mashamba kabla ya mvua, mji unajaa moshi, na joto nalo si haba. Akifungua dirisha anakohoa, akilifunga anaiva. Ofisi moja ilikuwa inahama na kuacha AC yake ya ukutani, nikaipata, nikaifunga juu ya dirisha la chumba chake.

Aliitazama siku nzima. Baadaye akaniambia kwamba watoto wa wenzake wanawapelekea wazazi blanketi, yeye wa kwake amemletea baridi. Lakini aliipenda. Mchana akishakula alikuwa anaiwasha saa mbili, analala chini yake na shuka hadi kidevuni, kisha anainuka na kuizima ukutani, kwenye swichi kubwa, tap, kama alivyozima redio na pasi na kila kitu chenye waya. Kwake yeye, umeme usiozimwa ukutani haujazimwa.

Hapo ndipo kuvu ilipoanzia, na mimi fundi nilikuwa naona kwa macho yangu. AC inapopoza, koili yake ya ndani hutoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Maji hayo yanadondoka kwenye trei na kutoka nje kwa bomba. Ukiizima ghafla, koili inabaki imelowa, feni imelowa, trei ina kidimbwi, na yote yamefunikwa gizani pamoja na vumbi. Ilitakiwa kila akimaliza kupoza aiache feni peke yake izunguke nusu saa ikauke. Kumwambia hilo ni sentensi moja tu. Sikumwambia. Siku zile nilijua gesi, kompresa na nyaya, na uchafu niliuhesabu kuwa kazi ya mtu asiye na ujuzi.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja baba akalalamika kwamba ile baridi yake imekuwa dhaifu. Nikaenda na ngazi na blowa yangu, ile mashine ya kupuliza upepo. Baba alikuwa kitandani, ameegemea mito mitatu. Nikamwambia asijisumbue kuinuka, ni kazi ya dakika kumi.

Nikafungua kifuniko, nikachomoa filta. Zilikuwa zimevaa vumbi zito kama blanketi la kijivu, na ndani ya vumbi hilo palikuwa na madoa meusi na ya kijani. Nikafanya nilichofundishwa utotoni, tena na huyo huyo aliyekuwa kitandani. Majani ya tumbaku yakishakauka, kabla ya kuyapanga na kuyafunga, unayashika kwa shina na kuyakung'uta, paa, paa, vumbi na majivu yatoke. Sisi watoto tulishindana nani anakung'uta vizuri. Basi nikaikung'uta filta kwenye fremu ya dirisha, mle mle ndani, paa, paa, paa. Kisha nikashika blowa nikaielekeza kwenye koili na kwenye feni. Kilichotoka humo kilijaza chumba kizima. Mwanga wa dirishani ulibadilika rangi.

Baba akacheka, akakohoa, akacheka tena. Aliniambia, "Hapo umekung'uta kama mkulima." Nikafurahi kama mtoto. Nikarudisha filta, nikawasha, upepo ukampiga usoni ukiwa na nguvu kama siku ya kwanza, naye akafumba macho. Nilikunja ngazi nikiwa na fahari yangu.

Baada ya siku chache homa ikampata, kifua kikabana. Tulimpeleka hospitali, wakampa dawa na hewa ya kusaidia kupumua, na kabla wiki ya tatu haijaisha akafariki. Daktari alitueleza kwa upole kwamba mapafu yake yalikuwa yameharibiwa na moshi wa miaka mingi, na nimonia imemkuta akiwa hana akiba. Kila mtu alielewa, na mimi nilielewa. Tulimzika Namtumbo shambani kwake, na chumba chake cha Mjimwema kikafungwa kwa ufunguo mpaka misa ya arobaini, kama tunavyofanya kwetu. Mama alilala sebuleni na akina mama wa msiba. Hakuna aliyekumbuka AC. Baba alikuwa ameizima ukutani mchana ule tuliompeleka hospitali, koili ikiwa imelowa, na chumba kikafungwa madirisha na mapazia siku arobaini, tena mvua zikiwa zimeanza.

Siku ya kufungua, mama aliingia peke yake. Nilisikia swichi ya ukutani, kisha ule mlio wa AC kuamka. Nilipofika mlangoni alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameinua uso. Harufu ikanifikia pale niliposimama.

"Yumo," alisema.

Nilitoka nje nikasimama kwenye karo, nikajifanya nanawa mikono.

Hadi hapo nilikuwa na huzuni ya mtu yeyote aliyefiwa na baba. Mengine yalikuja miezi mitatu baadaye, kwenye zahanati moja nilikoitwa kusafisha AC ya chumba cha maabara. Mkuu wa maabara alikuwa dada mwembamba, mkali, asiye na maneno mengi. Nilipopanda ngazi na blowa mkononi akaniambia nishuke. Akauliza hicho nilichoshika ni cha nini. Nikamweleza. Akauliza vumbi litakwenda wapi. Nikasema litatoka. Akauliza litatoka kwenda wapi.

Kisha akavuta mapazia, akazima taa, akachukua tochi, akagonga kifuniko cha AC kwa kidole mara moja tu. Ndani ya mwale wa tochi zikaanza kushuka chembe nyingi mno, polepole, nyingine hazishuki kabisa, zinaelea zinakwenda juu. Alisema hizo kubwa ninazoziona si kitu. Alisema kuvu ina mbegu ndogo zisizoonekana kwa jicho, na moja kwa moja zinaingia kifuani. Mtu mzima mwenye afya atapiga chafya, yaishe. Mwenye pumu, mtoto mchanga, mzee mwenye mapafu mabovu, huyo usimpulizie.

Alizungumza bila ubaya. Alikuwa anafundisha. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi kwa mikono miwili na sikioni nilisikia paa, paa, paa.

Siku ile akanionyesha namna inavyotakiwa, na nilijifunza kama mtu anayejifunza sala. Tangu hapo sijawahi kupuliza AC ndani ya nyumba ya mtu. Wateja wangu wa hoteli na wa maduka ya dawa wanasema nimekuwa mzito, namaliza nusu siku kwenye chombo kimoja. Hawajui nani ananisimamia.

Kwa sababu nilisimamiwa, sitanii. Kila nilipokwenda kumsalimia mama, bomba la maji la ile AC lilikuwa linatoa sauti, krr, krr, kimya, halafu krr moja ndefu. Ilikuwa sauti ya baba anaposafisha koo kabla ya kusema jambo. Kama fundi niliijua: bomba limelegea katikati, maji yanakwama kwenye kitumbo, hewa inapita ndani yake. Ningeweza kuirekebisha kwa klipu mbili. Lakini kujua hakukunisaidia. Nilikuwa nakaa sebuleni na kikombe cha chai, nasikia krr, na nasubiri aseme. Mara nyingine nilimaliza chai nikiwa nimesimama.

Mama aliiwasha kila mchana katika miezi ya joto. Nilimwomba niisafishe, akasema niiache. Nikaomba tena baada ya mwezi, akasema niiache, harufu ya baba yangu ni hiyo tu iliyobaki, nguo zote zimeshagawiwa. Ningeendelea vipi? Nani anamwambia mama yake kwamba harufu anayoipenda ni kuvu?

Mwezi wa tisa wa mwaka jana akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, kisichokwisha. Tulikwenda hospitali, wakapima kifua kikuu, hana. Wakampa dawa, hazikufaa. Akaenda Madaba kwa dada yangu wiki mbili, na dada akanipigia simu kusema mama halali akikohoa tena, amepona kabisa, anatwanga. Aliporudi Mjimwema, siku ya tatu kikarudi. Daktari aliposikia habari ya Madaba aliuliza chumbani kwake kuna nini. Nikajibu mimi kwamba kuna AC. Daktari akauliza inasafishwa na nani, na mama akanitazama mimi, kisha akatazama mikono yake.

Nilijua kama ninavyolijua jina langu kwamba kile chombo kinamuua mama yangu kama kilivyomuua baba yangu. Labda nakosea kuhusu baba. Daktari alisema moshi, na moshi ulikuwepo. Lakini mtu hajihukumu kwa cheti cha daktari. Njiani kurudi nilimwambia mama kwamba safari hii sitaomba. Ama niisafishe, ama niing'oe, harufu au hakuna harufu.

Hakukasirika. Alianza kuniuliza maswali. Nikishafungua, vumbi litakwenda wapi? Nitatumia ile mashine ya upepo? Yeye atakuwa wapi? Nguo zake je? Wajukuu watakuwa wapi? Nilimjibu yote, na moyoni nilifikiri ni uzee, mtu anayetafuta sababu ya kuahirisha. Alipotosheka na majibu akasema nije Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Nilifika mapema. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kuniangalia sana. Nikatoa godoro, mito, mashuka, mapazia na nguo zote za kabatini, nikavipeleka nyumba kubwa. Wajukuu nikawafukuza hadi kwa jirani. Mama nilimwekea kiti uani, upande wa mbali, upepo ukivuma kutoka nyuma yake, nikamwomba asiingie mpaka nimwite. Alivuta kiti hadi mahali anapoweza kuliona dirisha. Nikamwambia ni karibu mno, akasogea hatua mbili.

Nikazima umeme kwenye breka ya nyumba, si ukutani tu. Nikavaa barakoa nzito inayobana pua, miwani na glavu. Mlango wa kwenda sebuleni nikaufunga, nikaziba chini yake kwa taulo iliyolowa. Dirisha la nje nikaliacha wazi, ili kama kitatoroka kitu kitoroke nje. Sakafu na kitanda kitupu nikavifunika nailoni. Chini ya AC nikaning'iniza ule mfuko mkubwa wa kuoshea, unaokaa kama bakuli na kuteremsha maji hadi kwenye ndoo.

Kabla sijagusa filta nikazinyunyizia maji yenye sabuni kidogo kwa chupa ya kupulizia, polepole, kwa mbali, manyunyu membamba tu. Hiyo ndiyo siri yote, kama ni siri. Kuvu kavu ikitikiswa inaruka, ikilowa inashika. Nikasubiri. Nilisikia moyo wangu ndani ya barakoa. Kisha nikafungua kifuniko taratibu, nikanyunyiza tena, nikaziteleza filta moja moja hadi ndani ya mfuko wa plastiki nilioushikilia chini yake, nikaufunga fundo palepale. Hakuna kilichokung'utwa.

Nyuma ya filta palikuwa pabaya kuliko nilivyofikiri. Feni ya ndani, ile ndefu kama gunzi, ilikuwa imevaa manyoya meusi kila jani. Mapezi ya koili, vile vibati vyembamba vilivyopangana, yalikuwa na madoa hadi chini. Trei ilikuwa na ute mzito wa kahawia, na ute huo ulinuka tumbaku, nakuapia. Vumbi la chumba cha mtu ni ngozi yake, nywele zake, nyuzi za nguo zake. Miaka ile baba alipolala chini ya chombo hiki kilikuwa kinamvuta kidogo kidogo na kumweka hapa. Mama hakuwa amekosea. Alikuwemo. Nilisimama juu ya ngazi na brashi mkononi nikalia, na kulia ndani ya barakoa ni jambo la kipumbavu, miwani inaingia giza na huwezi kujifuta.

Bomba likasema krr.

Nikafunika sehemu ya umeme kwa nailoni na utepe wa gundi. Nikachomoa feni, nikaitia kwenye mfuko wake, nikafunga. Koili nikaipulizia dawa ya kusafishia kutoka kwenye pampu ya mkono, ya nguvu ndogo, juu kwenda chini kufuata mapezi yasije yakapinda. Mafundi wengine wanatumia jiki, inakula alumini na harufu yake peke yake inatosha kumbana mtu kifua. Nikaacha dawa ifanye kazi, nikasuuza kwa maji, na yaliyoshuka kwenye ndoo yalikuwa meusi, kisha kahawia, kisha kama chai ya rangi, na mwishowe meupe. Trei nikaifuta kwa vitambaa vilivyolowa, vitambaa vikaenda kwenye mfuko. Bomba nikalisukumia maji hadi ute wote ukatokea nje uani, nikalinyoosha, nikalikaza kwa klipu mbili. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano.

Filta na feni nilizipeleka nje zikiwa bado kwenye mifuko, nyuma ya nyumba, mbali na mama. Nikazifungulia ndani ya beseni la maji, nikaziosha kwa sabuni na brashi laini, filta nikizimwagia maji kutoka upande msafi ili uchafu urudi ulikotoka badala ya kujikita kwenye matundu. Nikazianika kivulini. Nikarudi ndani, nikafuta kuta, fremu ya dirisha na kila ubao kwa kitambaa kibichi, ufagio sikuugusa. Nailoni nikaikunja upande wa uchafu ukiwa ndani.

Zilipokauka kabisa, mchana, nikazirudisha, nikawasha feni peke yake, dirisha wazi, mlango umefungwa, hakuna mtu ndani, kwa saa nzima. Muda huo nilioga na kubadilisha nguo. Nilipopita uani mama alikuwa bado kwenye kiti chake, macho dirishani. Hakuwa amekula.

Nikamwita. Aliingia, akasimama katikati ya chumba kitupu chini ya AC, akainua uso kama siku ile ya kufungua. Hewa ilikuwa haina harufu yoyote. Bomba lilikuwa kimya. Alivuta pumzi ndefu, akaishikilia, akaiachia, na hakukohoa. Mimi nilikuwa nasubiri aniambie nimemfukuza baba. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo na sikuweza kulisubiri, mficha maradhi kifo humuumbua, basi nikaanza mimi. Nikamwambia yote: filta kwenye fremu ya dirisha, blowa, vumbi, baba kitandani, yule dada wa maabara na tochi yake. Nilimwambia huenda nimemuua baba na nimekaa nalo bila kusema.

Mama hakushtuka. Aliweka kiganja chake kwenye fremu ya dirisha, mahali palepale.

"Nilikuwa mlangoni na uji wake," alisema. "Niliona lile vumbi. Nikataka kusema, nikaona wewe ndiye fundi."

Alinieleza akiwa ametazama nje. Alisema usiku na mchana amejiuliza kwa nini hakumfunika hata uso kwa shuka. Alisema harufu ni kweli, aliipenda, hakunidanganya. Lakini siyo iliyomfanya anikatalie. Kila nilipokuja kuomba kuisafisha moyoni aliniona nikipanda ile ngazi na ile mashine, akaona vumbi, na safari hii aliyelala kitandani ni yeye. Akaona heri lile lililotulia humo liendelee kutulia.

"Nilikuogopa, baba," alisema.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hiyo, neno moja tu.

"Ungeacha kazi," alisema. "Na una watoto."

Kisha akaniomba nimrudishie godoro lake, amechoka, anataka kulala. Nikalileta, nikatandika mashuka, nikamwonyesha kitufe cha feni ya kukaushia na kumwambia asizime ukutani kabla ya nusu saa. Akasikiliza kwa makini, akarudia maelezo yote hadi nilipomwambia ndivyo. Akalala, akavuta shuka hadi kidevuni, na akaniomba nitoke na ngazi.